Wastani wa siku saba unashuka wakati wagonjwa wanaongezeka: kosa liko wapi?

#1 Daftari_la_Ripoti

Wakuu, habari za leo. Naandaa zoezi kwa ajili ya watunza takwimu wa wilaya, na nimechukua data ya Uviko-19 ya Ufalme wa Muungano ya Septemba na Oktoba 2020, kwa kuwa kila mtu anaweza kuipata. Hizi ni namba za wagonjwa wapya kwa tarehe ya kutangazwa. Safu ya tatu ni wastani wa siku saba, nimeukokotoa mwenyewe.

```
tarehe    wapya   wastani7
26 Sept    6042
27 Sept    5693
28 Sept    4044
29 Sept    7143
30 Sept    7108
01 Okt     6914
02 Okt     6968     6273
03 Okt    12872     7249
04 Okt    22961     9716
05 Okt    12594    10937
06 Okt    14542    11994
07 Okt    14162    13002
08 Okt    17540    14520
09 Okt    13864    15505
10 Okt    15166    15833
11 Okt    12872    14391
12 Okt    13972    14588
```

Fomula iliyo kwenye C8 ni `=AVERAGE(B2:B8)`, kisha nimeivuta hadi chini. Kinachonisumbua ni tarehe 11 Oktoba. Wastani umeporomoka kwa zaidi ya 1,400 kwa siku moja, halafu kesho yake ukaanza kupanda tena. Kila ninachokumbuka cha mwezi ule ni kwamba maambukizi yalikuwa yanapanda. Na je, ile 12,872 inayojitokeza mara mbili, tarehe 3 na tarehe 11, ni mimi nimenakili vibaya?

#2 Mzani_wa_Pwani

Hujanakili vibaya, ndugu. Siku zote mbili zilitangazwa 12,872, imetokea tu. Na fomula yako ni sahihi.

Kosa liko kwenye macho yetu. Wastani ukishuka leo, sote tunaitazama namba ya leo, tukidhani ndiyo iliyoushusha. Lakini dirisha la siku saba lina milango miwili: namba ya leo inaingia, na namba ya siku kama ya leo wiki iliyopita inatoka. Hizo sita za katikati hazijaguswa. Kwa hiyo badiliko la wastani kutoka jana hadi leo ni hili tu:

```
(leo - siku kama hii wiki iliyopita) / 7
```

Fanya kwa tarehe 11. Iliyoingia ni 12,872. Iliyotoka ni ya Jumapili tarehe 4, yaani 22,961. Tofauti yake ni pungufu 10,089, ukigawa kwa saba unapata pungufu 1,441. Ndiyo poromoko lako lote. Halikuhusu jambo lolote lililotokea tarehe 11. Ni tarehe 4 iliyotoka dirishani.

Ukifundisha darasa lako, waambie kila wanapoona wastani umeruka au umeanguka ghafla, wahesabu siku saba nyuma kabla ya kuandika neno lolote kwenye ripoti. Siku ikiingia na kiasi kikubwa kisicho cha kawaida, wastani unapanda, unakaa juu kwa siku saba kamili, kisha unaanguka. Ukiona mgongo wa namna hiyo wenye upana wa siku saba barabara, ujue ni siku moja hiyo, siyo mwenendo.

#3 Mkweli_Daima

Kwa hiyo walikuwa wanaficha namba hadi tarehe 3 na 4, kisha wakazitoa kwa mkupuo? Hapo ndipo tunapoambiwa tuamini takwimu.

#4 Bi_Takwimu

Hapana Mkweli, hakuna aliyeficha. Chanzo chake kinajulikana na ni cha kiufundi kabisa. Maabara zilikuwa zinatuma matokeo kwa faili za CSV, nayo Public Health England ikayapakia kwenye kiolezo cha Excel cha muundo wa zamani, XLS. Muundo huo unaishia mstari wa 65,536. Kila mgonjwa alikuwa anachukua mistari kadhaa, kwa hiyo faili lilijaa mapema, na mistari iliyozidi ikakatwa bila onyo. Wagonjwa 15,841 wa England ambao walipaswa kutangazwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia. Walipogunduliwa, wakaongezwa kwenye namba za tarehe 3 na 4. Wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, ila ufuatiliaji wa watu waliokaribiana nao ulichelewa.

Mgawanyo wa hao viporo kwa siku ulitolewa, kwa hiyo Daftari anaweza kuurudisha mahali pake. Hapa ndipo zoezi lako linanoga:

```
tarehe    kilichotangazwa   kiporo   jumla
26 Sept        6042           744     6786
27 Sept        5693           757     6450
28 Sept        4044             0     4044
29 Sept        7143          1415     8558
30 Sept        7108          3049    10157
01 Okt         6914          4133    11047
02 Okt         6968          4786    11754
```

(Wale 957 waliobaki ni wa tarehe 25, iko nje ya dirisha lako.)

Wastani wa wiki inayoishia tarehe 2 Oktoba unapanda kutoka 6,273 hadi 8,399. Sasa chukua wiki ya tarehe 3 hadi 9. Hiyo imebeba viporo vyote 15,841, maana siku zote mbili za mkupuo ziko ndani yake. Jumla yake ni 108,535. Toa viporo, unabaki na 92,694, ambayo ni wastani wa 13,242 badala ya 15,505.

Linganisha wiki na wiki. Kwa namba zilizotangazwa, wastani umetoka 6,273 hadi 15,505, karibu mara mbili na nusu ndani ya siku saba. Mwendo huo ukiendelea, wagonjwa wanaongezeka maradufu kila siku tano na kidogo. Kwa namba zilizorudishwa mahali pake ni kutoka 8,399 hadi 13,242, yaani mara 1.58, na kuongezeka maradufu kunachukua karibu siku 11. Huo ni ugonjwa unaokua haraka bado, lakini siyo ule wa kwanza. Anayepanga vitanda na watumishi kwa wiki mbili zijazo atafanya maamuzi tofauti kabisa.

Angalia na jambo jingine, ndilo linaloniuma zaidi. Wastani uliosawazishwa ulikuwa 13,242 tarehe 9. Dirisha la tarehe 5 hadi 11 halina kiporo hata kimoja, na wastani wake ni 14,391. Kwa hiyo mwenendo wa kweli ulikuwa unapanda kwa zaidi ya elfu moja ndani ya siku mbili zile zile ambazo grafu iliyochapwa ilikuwa inaonyesha kushuka.

#5 Kijana_wa_Chati

Tatizo hili kwenye masoko ya fedha lilishatatuliwa zamani. Huu wastani wa kawaida una ubaya huo huo wa namba kutoka ghafla. Tumia wastani wenye uzito unaopungua taratibu: leo inapewa uzito mkubwa, jana mdogo zaidi, na kuendelea. Kwa kipindi cha 7, leo inapata 0.25 na wastani wa jana unapata 0.75. Hakuna siku inayotoka kwa kishindo, na unaitikia haraka. Hata dirisha la siku 5 lingefaa, linachelewa kidogo tu. Sioni kwa nini watu wa afya wamekwama kwenye saba.

#6 Mzani_wa_Pwani

Kijana, nusu ya maneno yako ni kweli. Kwa wastani wako mkupuo hauachi ukingo mkali siku ya saba, unafifia pole pole. Lakini saba haikuchaguliwa kwa mazoea. Ilichaguliwa kwa sababu wiki ina siku saba.

Chukua mfano wa kubuni: kituo kinachoandika wagonjwa 30 kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, 15 Jumamosi na 5 Jumapili, wiki baada ya wiki, hakuna kinachobadilika. Jumla ya wiki ni 170. Dirisha la siku saba, uliweke popote, lina Jumapili moja tu na Jumamosi moja tu, kwa hiyo linatoa 24.3 kila siku. Mstari ulionyooka, kama inavyotakiwa, maana hakuna kilichobadilika.

Sasa weka dirisha la siku tano. Likikaa Jumatatu hadi Ijumaa linatoa 30. Likikaa Jumatano hadi Jumapili linatoa 22. Grafu itapanda na kushuka kila wiki, na mtu ataandika kwamba ugonjwa ulipungua mwishoni mwa wiki. Siku kumi nazo hazisaidii: zinayumba kati ya 22 na 26, kwa sababu kuna madirisha yenye Jumamosi na Jumapili mbili na mengine yenye moja moja. Ukitaka refu zaidi, nenda 14 au 21 au 28.

Wastani wako wa 0.25 kwenye kituo hicho hicho unafika 27.5 Ijumaa na kushuka hadi 19.5 Jumapili. Yale mawimbi tuliyotaka kuyaondoa yamebaki. Kwenye soko ambalo halifunguliwi Jumamosi na Jumapili huoni tatizo hili, kwa sababu siku hizo hazimo kabisa kwenye jedwali lako.

#7 Kijana_wa_Chati

Nimejaribu kwenye Excel, nimepata hizo hizo 27.5 na 19.5. Sawa, kwa namba zenye mzunguko wa wiki nakubali. Lakini bado nasema dirisha la kawaida linachelewa, na hilo hujalijibu.

#8 Duka_la_Dawa_Kona

Samahani wakuu, naingilia. Mimi naweka hesabu ya wateja wa duka la dawa. Jumapili tumefunga. Nikiacha seli wazi napata wastani mmoja, nikiandika 0 napata mwingine, na tofauti ni kubwa. Ipi ni sahihi?

#9 Bi_Takwimu

Hujaingilia, swali lako liko katikati ya mada. `AVERAGE` ya Excel inaruka seli iliyo wazi, lakini sifuri inaihesabu. Tuseme wateja 60 kwa siku, siku sita. Jumapili ikiwa wazi, anagawa 360 kwa 6 na kukupa 60. Ukiandika 0, anagawa 360 kwa 7 na kukupa 51.4. Zote mbili ni hesabu sahihi za maswali mawili tofauti. 60 ni wateja kwa siku ya kazi, inakufaa kupanga wahudumu. 51.4 ni wateja kwa siku ya kalenda, inakufaa ukitaka kujua dawa uliyonayo itaisha tarehe ngapi. Chagua moja, iandike juu ya safu, usichanganye.

Kwa data ya ugonjwa uamuzi ni mgumu zaidi, kwa sababu seli wazi ina maana tatu.

Ya kwanza: hakuna aliyetangaza siku hiyo, lakini wagonjwa wake watajumlishwa kwenye siku inayofuata. Hispania, kuanzia Julai 2020, iliacha kutangaza Jumamosi na Jumapili, na namba ya Jumatatu ikabeba wikiendi nzima. Hapo andika sifuri bila wasiwasi, kwa sababu jumla ya siku saba inabaki kamili. Ukiacha wazi, utagawa wagonjwa wa siku saba kwa tano, na wastani utavimba kwa asilimia 40.

Ya pili: taarifa imepotea na haitarudi. Hapo sifuri ni uongo. Acha wazi, na useme dirisha lina siku sita.

Ya tatu: kweli hakukuwa na mgonjwa. Hiyo ndiyo sifuri inayosema kweli siku yenyewe.

Na mfano wa nyumbani upo. Tanzania ilipoacha kutoa takwimu za Uviko-19 mwaka 2020, jumla iliyokuwa kwenye hifadhi za kimataifa ilibaki 509 kwa zaidi ya mwaka. Mashine inayotoa jumla ya jana kwenye jumla ya leo ilipata sifuri kila siku, na wastani wa siku saba ukawa mstari uliolala kwenye sifuri. Ukiweka mstari huo kwenye grafu moja na wa Kenya, jicho linasoma kwamba upande mmoja ugonjwa ulikwisha. Mstari huo hauna maana hiyo hata kidogo. Ulipaswa kukatika.

#10 Fundi_Nyoka

Kwa wanaotumia Python kuna mtego mwingine mbaya zaidi ya huo. `rolling(7)` inahesabu mistari saba, haihesabu siku saba. Kama jedwali linaruka tarehe ambazo hazikuripotiwa, mistari saba inaweza kuwa siku tisa au kumi, na ule mzunguko wa wiki unarudi kimyakimya. Panga tarehe kwanza, ujaze kalenda, ndipo ukokotoe:

```python
s = df.set_index("tarehe")["wapya"].sort_index().asfreq("D")
w7 = s.rolling(7, min_periods=7).mean()
```

Safu ya `tarehe` lazima iwe tarehe halisi na siyo maandishi, na kusiwe na tarehe iliyojirudia, vinginevyo `asfreq` inagoma au inakurudishia `NaN` tupu. Siku zisizokuwepo zitatokea kama `NaN`, na kwa `min_periods=7` kila dirisha linalozigusa litakuwa tupu. Watu wanaichukia hiyo kwa sababu grafu inakatika. Lakini hiyo ndiyo inayokulazimisha kuamua, kati ya zile maana tatu za Bi Takwimu, yako ni ipi.

Kwenye Excel kipimo chepesi ni `=A8-A2` pembeni ya kila dirisha, safu ya A ikiwa ndiyo ya tarehe. Jibu lisipokuwa 6, kuna tarehe imerukwa au imejirudia.

#11 Mzani_wa_Pwani

Narudi kwa Kijana kuhusu kuchelewa, maana alikuwa na haki ya kudai jibu.

Wastani uliowekwa kwenye siku ya mwisho wa dirisha unaeleza hali ya katikati ya dirisha, yaani siku tatu zilizopita. Kilele kikifika Jumatatu, wastani unakuja kukionyesha karibu na Alhamisi, tena kikiwa kimekatwa kichwa, kwa sababu kimechanganywa na siku za pembeni zilizo chini yake.

Wakati wa kupanda, pengo linategemea kasi. Wagonjwa wakiongezeka maradufu kila wiki, wastani wa leo ni kama asilimia 76 ya kiwango cha leo. Wakiongezeka maradufu kila siku tatu, unashuka hadi asilimia 56. Kwa maneno mengine, kadiri hali inavyokuwa mbaya, ndivyo wastani unavyoipunguza zaidi, na hapo ndipo watu wanauhitaji.

Lakini kuna kitu hauharibu. Ukuaji ukiwa wa kasi moja, wastani nao unakua kwa kasi hiyo hiyo, umechelewa tu. Kwa hiyo kulinganisha wastani wa leo na wa siku saba zilizopita kunakupa uwiano sahihi. Ndiyo maana Bi Takwimu alilinganisha wiki na wiki, hakulinganisha wastani wa leo na namba ghafi ya leo.

Unaweza kuuweka wastani katikati ya dirisha: ile `=AVERAGE(B2:B8)` ihamie C5 badala ya C8. Kilele kitakaa kwenye tarehe yake. Gharama yake ni kwamba siku tatu za mwisho hazitakuwa na wastani kabisa. Kwa ripoti inayotazama nyuma, weka katikati. Kwa ubao wa kila asubuhi huna budi kuuweka mwisho, na uandike chini yake kwamba umechelewa siku tatu. Usichanganye namna mbili kwenye grafu moja. Wilaya iliyowekwa katikati itaonekana kuitangulia jirani yake kwa siku tatu, na mtu atasema ugonjwa ulianzia huko.

#12 Nusu_kwa_Nusu

Mbona mnazunguka? Tumieni namba ya kati badala ya wastani. Panga siku saba kuanzia ndogo hadi kubwa, chukua ya nne. Mkupuo wa 22,961 hauwezi kuwa wa nne, basi umekwisha. Nimefanya kwa jedwali la Daftari: tarehe 9 ni 14,162, tarehe 10 ni 14,542, tarehe 11 ni 14,162, tarehe 12 ni 14,162. Hakuna poromoko.

#13 Bi_Takwimu

Hesabu yako iko sawa, na kama kinga dhidi ya siku moja iliyoharibika ni nzuri. Mimi huiweka pembeni ya wastani kama kengele: mistari miwili ikiachana sana, kuna siku ya kuchunguza. Ila usiiweke peke yake. Rudi kwenye kituo cha Mzani, chenye 30, 30, 30, 30, 30, 15, 5. Namba ya kati ni 30 daima. Ukizidisha kwa saba unapata 210, wakati waliokuja ni 170. Huwezi kuagiza vipimo kwa namba hiyo. Na hata Jumamosi na Jumapili wakianza kuja 25 kila siku, namba ya kati haitikisiki.

Na angalia tarehe 2 Oktoba. Namba ya kati ya wiki ile ni 6,914. Wale viporo walikuwa hawajaingia bado, na hakuna hesabu ya kulainisha inayoweza kuona mstari uliokatwa kwenye faili.

#14 Daftari_la_Ripoti

Nashukuru sana, wakuu. Nimerudia hesabu zote na zimekubali. Swali la mwisho: kama tatizo ni tarehe ya kutangazwa, si tuache kabisa kuitumia? Tuchore kwa tarehe ya kuchukuliwa sampuli. Viporo vyote vitarudi kwenye siku zao.

#15 Bi_Takwimu

Vitarudi, na kwa kutazama nyuma hiyo ndiyo grafu bora. Lakini ina ugonjwa wake kwenye ncha ya mwisho. Sampuli ya jana majibu yake hayajatoka, ya juzi yametoka machache. Kwa hiyo kila siku unayoifungua, siku za mwisho ziko chini na wastani unaonekana kushuka, hata katikati ya mlipuko. Kesho zinajaa, na mteremko unahamia mbele. Ubao wa Ufalme wa Muungano ulizitenga siku tano za mwisho kama zisizokamilika kwa sababu hiyo.

Idadi ya siku za kukata usiiazime kwao, ipime mwenyewe. Hifadhi nakala ya jedwali kila asubuhi kwa wiki mbili. Chukua tarehe moja ya sampuli, uangalie namba yake ilivyokua kutoka nakala hadi nakala. Ikiwa siku ya tano bado inaongezeka kwa asilimia 15, kata zaidi ya tano. Maabara yenu inaweza kuwa ya haraka mjini na ya polepole kwenye vituo ambavyo sampuli inasubiri gari, kwa hiyo pima kwa kila wilaya. Na sikukuu ikipita, rudia, kwa sababu uchelewaji wa Idi au Krismasi haufanani na wa wiki ya kawaida.

#16 Fundi_Nyoka

Hapo Bi Takwimu nakubali, lakini sikubali kuhusu kurudisha viporo kwenye grafu iliyokwisha kuchapishwa. Namba ya tarehe 4 Oktoba ilikuwa 22,961, ndiyo iliyosomwa na watu, ndiyo iliyoongoza maamuzi ya wiki ile. Ukiifuta, mkaguzi wa baadaye hataelewa kwa nini watu walifanya walichofanya. Iache, weka alama na maelezo, uchore mstari wa pili uliosawazishwa.

#17 Bi_Takwimu

Mistari miwili kwa wakaguzi, sawa. Lakini ubao unaotazamwa na mganga mkuu asubuhi, akiwa na dakika tano, usiwe na mgongo wa uongo wa siku saba eti kwa heshima ya kumbukumbu. Kumbukumbu ikae kwenye nakala za kila siku.

#18 Mzani_wa_Pwani

Tena hapa tuna bahati, mgawanyo wa viporo ulitolewa siku kwa siku. Mara nyingi hautolewi. Unaletewa wagonjwa 300 kwa mkupuo, hakuna tarehe, unaambiwa tu ni wa mwezi uliopita. Kuna wanaowagawa sawasawa kwa siku 30, kumi kumi, na kuna wanaowagawa kwa uwiano wa namba zilizokuwepo. Njia ya kwanza inapandisha siku tulivu, ya pili inakuza kilele ambacho pengine hakikuwa hivyo. Mimi huwatoa kwenye mstari wa kila siku na kuwaweka kwenye jumla ya mwezi tu, lakini nimeona watu makini wakifanya kinyume chake, wakiwa na sababu nzuri.

#19 Daftari_la_Ripoti

Basi zoezi litakuwa hivi: nitawapa jedwali la #1 bila maelezo, watafute wenyewe siku iliyotoka dirishani tarehe 11, kisha ndipo niwape safu ya viporo ya #4 wakokotoe upya uwiano wa wiki. Hilo la wagonjwa 300 wasio na tarehe nitaliweka mwishoni, kila kundi litetee njia yake. Mwenye data halisi ya mkupuo wa namna hiyo, isiyo na majina ya wagonjwa, naomba anitumie kabla ya Ijumaa.

#20 Duka_la_Dawa_Kona

Nimeweka safu mbili, moja ya siku za kazi na moja ya kalenda. Ila sasa naona safu ya kalenda ilishuka wiki ya Pasaka na kubaki chini kwa siku kumi, ingawa tulifunga Ijumaa Kuu na Jumatatu tu. Nikihesabu siku saba nyuma, naona ilipanda tena Ijumaa iliyofuata kidogo, kisha Jumatatu ikamaliziwa. Hiyo ni kufunga kwetu au kuna wateja waliopungua kweli?

#21 Mzani_wa_Pwani

Linganisha Jumanne hadi Alhamisi na Jumamosi za wiki ile na siku hizo hizo za wiki iliyotangulia, moja moja, bila wastani. Zikiwa sawa, ni kufunga tu. Zikiwa pungufu, leta namba hapa tuzitazame.